Namna ya kuandika kisa cha aibu yako kikachekesha bila kupoteza ukweli wake

Watu wengi wanaojua kusimulia aibu zao kijiweni hukwama wanapojaribu kuziandika. Kijiweni kisa kinachekesha, wenzako wanapiga meza, mmoja anadakia na chake, mambo yanaisha. Kwenye karatasi kisa kilekile hugeuka moja ya vitu viwili. Kinakuwa mfululizo wa vichekesho ambao msomaji anaumaliza bila kujua kwa nini ulimsimulia, au kinakuwa mahubiri yenye kichekesho kimoja mlangoni na nasaha kurasa mbili. Tatizo ni lilelile kwa pande zote mbili: kicheko na tafakuri vimeandikwa kama vitu viwili tofauti, kisha vikaunganishwa kwa gundi.

Mwongozo huu unafuata insha moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisa nimekitunga kwa ajili ya kazi hii, ila mazingira yake yanajulikana na yeyote aliyewahi kuchangia harusi Tanzania. Mwanamume mmoja, mwajiriwa wa kawaida, aliahidi sh. 200,000 mbele ya kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzake. Akalipa 50,000, kiwango cha kadi ya mtu mmoja, ile inayoitwa singo. Akamwambia mkewe kwamba amemaliza kulipa. Siku ya harusi wakafika wote wawili ukumbini, wamevaa sare, na kadi ya singo kwenye simu. Tumwite msimulizi.

Hatua ya kwanza: andika ripoti kavu

Kabla ya kuchekesha, andika kilichotokea kama askari anayeandika maelezo kituoni. Usiweke kichekesho, usiweke tashibiha, usiseme ulijisikiaje. Weka saa, mahali, pesa, nani alisema nini na nani alifanya nini baada yake. Nusu ukurasa inatosha. Ya msimulizi wetu ilikuwa hivi:

> Jumamosi, saa moja na nusu usiku. Tulifika ukumbini kwa bajaji. Kijana wa mlangoni aliskani kadi kwenye simu yangu. Alisema ni singo. Nilimwomba arudie. Ilisoma singo. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Nilijifanya nampigia simu mweka hazina. Mke wangu alisema, "Ingia wewe, mimi nitakusubiri." Niliingia. Nilikula. Nilitoka baada ya saa moja na nusu. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la walinzi, amevua viatu.

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu inaonekana haina utamu. Mimi naiona kuwa ndiyo hatua muhimu kuliko zote, kwani ukianza na vichekesho utajikuta umepanga matukio yafuate vichekesho. Jambo lisilochekesha linaachwa njiani bila wewe mwenyewe kutambua, na mara nyingi hilo ndilo lililokufanya utake kuandika.

Ripoti pia inakuonyesha kama kisa kimeiva. Ukiona kila sentensi ya pili unajitetea, "lakini mweka hazina naye hakunikumbusha", "lakini ukumbi wenyewe ulikuwa na nafasi", kiweke pembeni kwanza. Mtu ambaye bado yuko mahakamani hawezi kuchekesha, kwa sababu kila anachosema ni ushahidi.

Hatua ya pili: tafuta sentensi unayoiruka

Sasa msimulie mtu kisa hicho kwa mdomo, au jirekodi kwenye simu ukijifanya unamsimulia rafiki. Kisha linganisha rekodi na ripoti. Angalia ni sentensi gani ya ripoti haikutoka kinywani.

Msimulizi wetu alipokuwa akikisimulia kijiweni, kisa kiliishia mlangoni. Kifaa kinalia, foleni inanung'unika, yeye anajifanya anapiga simu, watu wanacheka, basi. Hakuwahi kusema neno moja lililomo kwenye ripoti yake: *Niliingia.* Wala hakusema kwamba alikula.

Hapo ndipo aibu ilipo. Kadi iliyosoma singo ni fedheha, na fedheha humpata mtu mbele za watu. Aibu yenyewe ni kwamba alimwacha mkewe nje na sare yake, akaenda kula. Fedheha inasimulika kirahisi kwa sababu tumeizoea kuicheka. Aibu hujificha nyuma ya fedheha, na vichekesho ndivyo vinavyoificha.

Ikiwa rekodi na ripoti vinafanana, na hakuna ulichokiruka, sikiliza tena mahali unapoharakisha. Mtu akikaribia sentensi inayomuuma, sauti hukimbia au vichekesho huongezeka ghafla, vitatu kwa mpigo. Piga mstari hapo. Sentensi hiyo ndiyo kituo cha insha. Kazi yote ya kicheko kuanzia sasa ni kumfikisha msomaji kwenye sentensi hiyo. Kichekesho kinachompitisha pembeni yake, hata kiwe kitamu namna gani, hakikufai.

Hatua ya tatu: amua kinachochekwa

Kwenye lango lile kuna watu watano au sita wa kuwacheka, na mwandishi asiye makini atawacheka wote. Atamcheka kijana wa mlangoni kwa suti iliyomzidi mabega, atamcheka mama wa nyuma kwa kilemba chake, atamcheka mke kwa namna alivyovua viatu.

Kwetu tunao watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kutaja ubahili wake, hata kudai malipo kabla kaburi halijafukiwa, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Ruhusa hiyo ameipata kwa uhusiano uliokuwepo kabla yake na utakaobaki baada yake, na kesho ukifika msiba kwake atatendewa vivyo hivyo. Kijana wa mlangoni hana namna ya kukujibu. Alikuwa kazini, amesimama tangu jioni, na alichosema kilikuwa kweli. Ukimcheka, msomaji anakuhesabia, na ukifika kwenye tafakuri hatakuamini.

Basi nijicheke mwenyewe? Ndiyo, lakini si mzimamzima. "Mimi ni mjinga jamani, sijui Mungu aliniumbaje" si kichekesho, ni kuomba huruma, na msomaji akishaombwa huruma ananyamaza kwa adabu. Kinachochekesha ni mipango ya mtu: mahesabu aliyoyafanya kichwani, namna alivyojiona anavyoonekana, hatua moja baada ya nyingine alivyojenga mtego na kuingia mwenyewe. Upumbavu unachekesha zaidi unapofuata mantiki yake kwa uangalifu. Kwa hiyo msimulizi anarudi nyuma, kwenye kikao cha kamati, mahali mahesabu yalipoanzia:

> Mwenzangu wa ofisini aliahidi laki moja na nusu. Mshahara wake naujua, kwa sababu ni mdogo kuliko wangu kwa shilingi elfu ishirini. Nikasimama. Hakuna aliyeniomba nisimame. Wote waliotangulia walikuwa wameahidi wakiwa kwenye viti vyao. Nikafunga kifungo cha koti, nikasema, "Laki mbili." Wakapiga makofi. Nikaongeza, "Kwa kuanzia."

Tuangalie kinachofanya kazi hapa. Hakuna hata neno moja linalotangaza kwamba jambo hili linachekesha. Hakuna "kumbe mwenzenu", hakuna alama tatu za mshangao. Msimulizi anaeleza kwa uso mkavu, kama anayetoa taarifa ya fedha, na msomaji anaona kile ambacho yule mtu wa wakati ule hakukiona. Pengo hilo kati ya anachojua msomaji na anachojua mhusika ndilo chanzo cha kicheko karibu chote kwenye insha za namna hii.

Angalia pia mpangilio. "Kwa kuanzia" imewekwa mwisho kabisa, baada ya makofi. Jaribu kuiandika hivi: "Huku nikifunga kifungo cha koti niliongeza 'kwa kuanzia' baada ya kusema laki mbili na watu kunipigia makofi." Maneno ni yaleyale, kicheko kimekufa. Neno linalobeba mshtuko lifike mwisho wa sentensi, na baada yake pawe na nukta. Ukiongeza hata maneno mawili ya kueleza, "nikaongeza, 'Kwa kuanzia,' kwa majivuno", umemnyang'anya msomaji nafasi ya kugundua mwenyewe.

Jambo la tatu ndilo ninalotaka ulishike zaidi. Shilingi elfu ishirini inachekesha, lakini pia imeweka kitu mezani: huyu ni mtu anayejipima kwa mwenzake hadi senti ya mwisho. Taarifa hiyo itahitajika baadaye, kwenye tafakuri. Kichekesho kizuri katika insha ya aibu kinabeba mzigo. Linganisha na hiki, ambacho kilikuwa kwenye rasimu: "Suti yangu ilinibana hadi nikawa natembea kama mtu aliyefungwa bendeji." Kinaweza kumfanya mtu atabasamu, lakini hakibebi chochote. Kifute, insha haitapungua. Vichekesho vya kufananisha mwili na kitu fulani huwa hivyo mara nyingi, na ndivyo vinavyokuja haraka zaidi mkononi.

Kabla ya kutoka kwenye sehemu hii ya mwanzo, panda mbegu moja ya ukweli, sentensi fupi isiyo na mzaha wowote kabla wala baada yake. Msimulizi wetu aliipanda hivi: *Mke wangu aliniuliza mara moja tu kama nimeshalipa. Nilimjibu, "Nimemalizana nao."* Kisha akaendelea na mambo ya kushona sare. Msomaji atapita, hatasimama. Lakini kitu kimeshaingia.

Hatua ya nne: mlangoni, simamia mwendo

Hapa ndipo kisa kilipo na ndipo pa kukaa. Lugha yetu ina chombo ambacho mwandishi wa vichekesho anapaswa kukitumia kwa makusudi: kitenzi chenye *-ka-*. Mfululizo wa *nikafanya, nikasema, akajibu* unampa msomaji mbio. Tukio linazaa tukio, hakuna muda wa kufikiri, na mtu anayeporomoka kwa mwendo huo anachekesha.

> Kijana akaelekeza kifaa kwenye simu yangu, kikalia. "Singo," akasema. Nikamwambia kifaa kimekosea. Akarudia, kikalia vilevile. Nikaipokea simu, nikaifuta kioo kwa leso, nikaongeza mwanga hadi mwisho, nikamwelekezea tena. "Singo, kaka," akasema, safari hii kwa upole.

Mara tatu. Ya kwanza inaeleza hali, ya pili inathibitisha, ya tatu inabadilika. Waandishi wengi huifanya ya tatu iwe kubwa zaidi, kifaa kilie kwa kelele, watu wote wageuke. Hapa ya tatu imekuwa ndogo. Kijana anasema "kaka", na anasema kwa upole. Msomaji bado anacheka juu ya mwanga wa kioo, lakini upole ule umeanza kumuuma. Kuanzia hapo kicheko kinateremka, na ni lazima kiteremke. Huwezi kukata kicheko kikiwa kileleni ukataka msomaji ahuzunike sentensi inayofuata. Ataona umembadilishia chaneli.

Kichekesho cha mwisho ndicho kinachofungua mlango wa ukweli:

> Nikaweka simu sikioni, nikasema kwa sauti ya kutosha foleni isikie, "Mheshimiwa mweka hazina, hapa kuna tatizo dogo la mfumo." Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Mke wangu alikuwa amesimama upande wa kioo cha simu. Alikiona ni cheusi.

"Tatizo dogo la mfumo" inachekesha. "Alikiona ni cheusi" haichekeshi, ingawa ni tukio hilohilo. Mtu aliyekuwa akijificha foleni isimwone ameonekana na yule mmoja aliyekuwa karibu. Mgeuko wa insha ukitokea ndani ya kichekesho chenyewe namna hii, huhitaji "lakini mzaha pembeni" wala "sasa tuje kwenye ukweli". Ukijikuta unaandika maneno hayo, ni dalili kwamba mgeuko haujapatikana na unajaribu kuutangaza.

Hatua ya tano: kwenye sentensi ile, nyamaza

> "Ingia wewe," akasema. "Mimi nitakusubiri."
>
> Niliingia.

Hapo *-ka-* imeachwa. Kama angeandika "Nikaingia", kuingia kungekuwa pete nyingine kwenye mnyororo, jambo lililofuata tu baada ya jingine, kana kwamba alisukumwa na matukio. "Niliingia" inasimama peke yake kwa miguu yake. Ni kitendo cha mtu aliyeamua mwenyewe. Iache kwenye aya yake.

Sasa kuna kishawishi. Rasimu ya kwanza ya msimulizi ilisema: "Niliingia, maana kuku wa harusi hajui singo wala dabo." Nakiri sentensi hiyo inachekesha kuliko nyingine zote za insha nzima, na kwa sababu hiyohiyo ni lazima itoke. Itazame inachofanya. Imekuja sekunde ileile msomaji alipoanza kumwona mke amebaki nje, ikamkamata mkono na kumvuta ndani kwenye kuku. Imemwachilia msimulizi kabla hajashikwa.

Kipimo ninachokitumia kwa kila kichekesho, popote kilipo katika insha, ni hiki: kinamshitaki msimulizi au kinamtetea? "Kwa kuanzia" inamshitaki. Mwanga wa kioo unamshitaki. Kuku asiyejua singo wala dabo anamtetea. Vichekesho vya kushitaki vinaweza kujaa ukurasa mzima na tafakuri isidhurike. Kimoja cha kutetea, kikikaa kwenye sentensi ile, kinatosha kuibomoa.

Yaliyotokea ndani ya ukumbi yapite haraka, sentensi tatu au nne, bila kumwelezea MC wala mapambo. Alikaa meza gani, mwenzake wa ofisini alikuwa wapi, alikula nini. Halafu benchi la walinzi na viatu vilivyovuliwa, kama ilivyo kwenye ripoti. Usipambe chochote hapo.

Hatua ya sita: tafakuri inayogharimu

Rasimu ya kwanza ya tafakuri karibu kila mara hutoka hivi:

> Siku ile nilijifunza kwamba si vizuri kushindana na watu. Tunapaswa kuishi kulingana na uwezo wetu. Kweli wahenga hawakukosea: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kila kitu hapo ni kweli na hakuna kilichosemwa. Aya hii inaweza kukatwa na kubandikwa kwenye insha ya mtu aliyekopa gari, aliyehamia mtaa wa kitajiri, au aliyedanganya kuhusu shule aliyosoma. Methali ina uzito wake, lakini hapa inafanya kazi ya kufunga mlango: msomaji anaitikia kichwa, na hakuna anayeuliza tena kuhusu yule mwanamke kwenye benchi. Ikiwa hitimisho lako ungeweza kuliandika kabla ya siku ya tukio, si tafakuri ya tukio hilo.

Njia inayosaidia ni kurudi kwenye ile sentensi uliyoiruka na kuiuliza maswali yenye majibu mahususi. Usiulize "nimejifunza nini?" Uliza: nilipoambiwa niingie, nini kilinijia kwanza kichwani? Nilikuwa najua nini wakati huo? Nani nilitaka anione, na nani sikujali anionaje? Jibu linalokufanya utake kuinuka kwenye kiti ukachemshe chai, hilo ndilo la kuandika.

> Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha kadi. Kadi haikuwa na kosa. Nilikuwa nimelipia mtu mmoja, na kadi ilisema mtu mmoja. Aliponiambia niingie, kilichonijia kwanza ni nafuu. Mwenzangu wa ofisini alikuwa ndani, na nisingeonekana angejua. Mke wangu alikuwa ameshajua, kwa hiyo kwake sikuwa na cha kuokoa tena. Hayo yote niliyawaza kabla hajamaliza sentensi yake. Kwa mtu aliyedai baadaye kwamba alikuwa amechanganyikiwa, nilihesabu haraka sana.

Zile shilingi elfu ishirini zimerudi bila kutajwa. Mtu aliyekuwa akijipima kwenye kikao cha kamati ndiye huyuhuyu anayepima mlangoni, na sasa kilichowekwa kwenye mizani ni mkewe. Kicheko cha mwanzo kimegeuka ushahidi. Hii ndiyo sababu nilisisitiza vichekesho vyenye mzigo. Bila aya ya kikao, aya hii ingelazimika kueleza tabia yake kwa nadharia.

Kuna kicheko kidogo kwenye sentensi ya mwisho, "nilihesabu haraka sana". Hakidhuru, kwa sababu kinashitaki. Tafakuri haihitaji kuvaa koti jeusi. Sauti ileile kavu iliyosimulia makofi na kifungo cha koti iendelee hadi mwisho, ili msomaji asidhani kwamba mtu mwingine ameshika kalamu.

Tofautisha pia wasimulizi wawili: aliyekuwa mlangoni na anayeandika leo. Anayeandika leo anaruhusiwa kujua zaidi, lakini asijifanye amekuwa malaika. Tafakuri inayosema "siku hizi mimi ni mtu tofauti kabisa" humfanya msomaji atilie shaka hata yaliyotangulia. Ni salama zaidi, na mara nyingi ni kweli zaidi, kusema unachokijua na kuacha usichokijua kikiwa wazi. Msimulizi wetu aliandika kwamba hajawahi kumuuliza mkewe alikuwa akiwaza nini kwenye benchi lile, na kwamba anadhani anajua kwa nini hajamuuliza. Hakuendelea.

Kwa insha ya maneno 1,200 hivi, kikao na maandalizi vinaweza kuchukua 450, mlango 350, ndani na benchi 150, na tafakuri maneno yaliyobaki. Si sheria. Ila tafakuri ikizidi nusu ya insha, mara nyingi umeanza kuhubiri, na ikiwa mistari miwili, mara nyingi umekimbia.

Hatua ya saba: ipime kwa sikio la mwingine

Isome kwa sauti mbele ya mtu asiyekijua kisa. Usimwangalie usoni unaposoma. Weka kalamu, na kila anapocheka tia alama pembeni. Ukimaliza, usimuulize kama ni nzuri. Muulize ni wapi aliacha kucheka, na anakumbuka nini kuhusu mke.

Majibu yake yatakueleza kilichoharibika. Akianza kukuliwaza, "usijali, hutokea kwa wote", insha imeomba huruma; rudi hatua ya tatu ukapunguze kujidharau. Akikumbuka kifaa na kuku lakini hamkumbuki mke, bado kuna kichekesho cha kutetea kimekaa karibu na "Niliingia". Akisema alicheka hadi ukumbini kisha akachoka, umehubiri. Akinyamaza kidogo na kukuuliza, "Halafu mlirudije nyumbani?", insha imefika ilipokusudiwa, na huna haja ya kulijibu swali hilo ndani yake.

Kuna msomaji mmoja wa lazima kabla ya kuichapisha, naye ni yule uliyemkosea. Kisa ni chako, lakini benchi lilikaliwa na yeye. Unaweza kubadilisha mahali, aina ya sherehe, kiasi cha pesa na kazi ya mtu ili asitambulike, na insha haitapoteza kitu. Usibadilishe alichotenda kila mmoja, kwa sababu hapo ndipo ukweli wake ulipo. Akikataa isichapishwe, isichapishwe.

Na akisoma akasema, "Haikuwa hivyo," msikilize ukiwa na kalamu. Tuseme mke wa msimulizi anakumbuka kwamba hakusema "Ingia wewe" kwa upole. Alisema kwa sababu foleni ilikuwa inamwangalia yeye, na alitaka tu mumewe aondoke pale. Hilo halipaswi kuzikwa ili insha yako ibaki nzuri. Liingize kama alivyolisema, kwa maneno yake, hata likipingana na kumbukumbu yako. Kisha rudi kwenye vichekesho vya mlangoni, kimoja kimoja, uangalie vipi kati yao bado vinamshitaki mtu anayestahili.